Posho kavu: chakula cha mtu mmoja kwa siku kabla hakijaingia sufuriani

Neno posho lilianza kama chakula anachogawiwa mtu kwa siku, hasa askari, mpagazi au kibarua. Uganda likaishia kuwa jina la ugali wenyewe, kwa kuwa unga wa mahindi ndio uliokuwa ukigawiwa. Katika jiko la dharura, pale watu waliokimbia mafuriko au vita wanapopikiwa pamoja, maana ile ya kwanza ndiyo inayotumika: posho kavu ni uzito wa chakula cha mtu mmoja kwa siku, kikiwa bado kikavu stoo.

Kipimo cha kuanzia ni kilokalori 2,100 kwa kila kichwa. Mgao wa kawaida wa kufikia hapo ni gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharage au jamii yake na gramu 25 za mafuta ya kula. Vitatu hivyo vyenyewe vinatoa takribani 1,800. Pengo lililobaki huzibwa na gramu 50 za unga wa uji uliochanganywa mahindi na soya pamoja na gramu 15 za sukari, kisha huongezwa gramu 5 za chumvi yenye madini joto. Jiko lisilo na unga wa uji linapaswa kupandisha nafaka hadi kama gramu 450 na mafuta hadi 30, sukari ikibaki palepale. Likibaki na 400 na 25, watu watashiba kwa macho huku miili ikidai.

Hiyo 2,100 ni wastani wa watu wote, mtoto mchanga hadi mzee. Mwanamume anayebeba mizigo anahitaji zaidi, mtoto wa miaka 3 anahitaji pungufu, na wastani umeshawahesabu wote wawili. Kwa hiyo stoo inatoa posho kamili kwa kila kichwa. Anayeandika mtoto kuwa nusu mtu anapunguza mara mbili, na anayeumia ni familia yenye watoto wengi.

Tuseme shule imepokea watu 500. Kwa siku stoo itoe kilo 200 za unga, kilo 30 za maharage na kilo 12.5 za mafuta. Hapo kwenye mafuta ndipo wengi huteleza, kwa sababu posho inahesabiwa kwa uzito na mafuta yanapimwa kwa lita. Lita moja ina uzito wa gramu 920 hivi, si kilo kamili, kwa hiyo zinahitajika lita 13.6. Aina ya nafaka nayo ina neno lake. Stoo ikitoa mahindi mazima yakaenda kukobolewa yawe sembe, pumba hubaki mashineni na kilo 200 hazirudi 200. Ama usage dona, ama uongeze mahindi ya kufidia.

Mtu hawezi kugundua upungufu kwa kutazama sahani. Unga ukipungua, mpishi anaongeza maji na ugali unakuwa laini, lakini bonge ni lilelile. Maharage yakipungua mchuzi unakuwa mwingi. Mafuta ndiyo hatari kuliko vyote: yanamiminwa kwa kukadiria, ni kidogo machoni, na gramu moja yake ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya unga.

Kinachosema kweli ni daftari la stoo. Jioni chukua uzito uliotoka, ugawe kwa idadi ya waliokula. Wakila watu 500 na zikatoka kilo 180 za unga na lita 10 za mafuta, kila mmoja amepata gramu 360 za unga na gramu 18 za mafuta. Amepoteza karibu kilokalori 200, yaani sehemu moja katika kumi ya siku yake, na kwenye foleni hakuna aliyelalamika. Ndiyo maana nasisitiza mizani stoo hata pale penye kopo la kupimia. Kopo ni zuri likishapimwa kwa mizani na kuwekewa alama, tena kila chakula kiwe na kopo lake, kwa kuwa kopo la maharage likijazwa unga linakuwa jepesi.

Hata posho iliyotimia ina upungufu mmoja usiozibwa kwa kuongeza kilo. Nafaka, maharage makavu na mafuta karibu hayana vitamini C kabisa. Katika kambi za wakimbizi za Somalia na Ethiopia miaka ya 1980, watu walioishi miezi mingi kwa mgao mkavu walipata kiseyeye, fizi zikivuja damu na miguu ikiuma. Jiko la wiki mbili linaweza kuvumilia hali hiyo. Likielekea mwezi wa pili, mchicha, nyanya au machungwa yaingie kwenye hesabu ya manunuzi kama unavyoingia unga.