Ngazi kwenye ukuta laini: ilale kiasi gani kabla ya kuteleza?

Swali la ngazi iliyoegemea ukuta laini nimelifundisha mara nyingi, na wanafunzi wengi hulimaliza mapema mno. Wanapata pembe ya ngazi tupu, wanaipigia mstari, wanafunga daftari. Lakini ngazi huwekwa ili mtu aipande, na akishapanda pembe inayohitajika hubadilika.

Tuchukue korido ya ghorofa moja huku Kasarani. Sakafu ni ya vigae, na ukuta umepakwa rangi ya mafuta hadi ukang'aa. Ngazi ina urefu wa mita 4 na uzito wa kilo 15, na fundi wa rangi ana kilo 75. Tuseme namba ya msuguano kati ya miguu ya ngazi na vigae, μ, ni 0.4. Maana yake, sakafu inaweza kuuzuia mguu wa ngazi kwa nguvu isiyozidi sehemu 4 kati ya 10 za uzito wote unaoikandamiza.

Tukisema ukuta ni laini, tunamaanisha kwamba hauwezi kuibeba ngazi hata kidogo. Unachoweza ni kuisukuma kwa mlalo, kuitoa nje. Kwa hiyo uzito wote unaishia sakafuni, na kinachopingana na msukumo wa ukuta ni msuguano wa pale chini peke yake. Kazi yetu ni kuujua msukumo huo, R.

Pigia hesabu za mzunguko kwenye mguu wa ngazi, kwa sababu nguvu zote za sakafu hupita hapo na hujitoa zenyewe. Pembe kati ya ngazi na sakafu ni θ, L ni urefu wa ngazi, na W ni uzito wake, ambao tunauweka katikati:

```
R × L × sin θ = W × (L/2) × cos θ
R = W / (2 tan θ)
```

Ukibadilisha sin na cos kwa bahati mbaya, utajua mara moja: ngazi iliyosimama wima haipaswi kuusukuma ukuta kabisa. Sasa R haiwezi kuzidi μW, kwa hiyo pembe ndogo kabisa ni ile yenye tan θ = 1/(2μ). Hapa ni 1.25, yaani digrii 51 hivi. Urefu na uzito wa ngazi vyote vimejifuta.

Fundi mwenye uzito P akiwa amepanda sehemu x ya urefu wa ngazi (x ni 0 chini, 1 kileleni), mambo yanakuwa hivi:

```
tan θ = (W/2 + P·x) / (μ(W + P))
```

Weka x = 1/2. Juu unabaki na nusu ya (W + P), na jibu linarudi kuwa 1/(2μ) ileile, fundi awe mnene au mwembamba. Hapo ndipo penye hatari. Akiwa chini ya katikati, uzito wake unaukandamiza mguu wa ngazi kuliko unavyoongeza msukumo wa ukutani, kwa hiyo ngazi inashika zaidi ya ilivyokuwa tupu. Akipita katikati, kila kipago anachokanyaga kinapunguza akiba ya msuguano. Ile desturi ya kurukaruka kwenye kipago cha kwanza ili kuijaribu ngazi inaipima mahali ilipo imara kuliko kote.

Tuseme ameiweka kwa digrii 60, mguu ukiwa mita 2 kutoka ukutani. Ngazi tupu inatulia. Tan θ ni 1.732, na ukitafuta x unapata 0.73. Akifika kama mita 2.9 kwenye ngazi, mguu unachomoka. Ili afike kileleni anahitaji tan θ ya 2.29, yaani digrii 66.4, mguu ukiwa mita 1.6 tu kutoka ukutani. Kibarua wa kilo 60 akisimama kwenye kipago cha chini kabisa, uzito sakafuni unaongezeka bila msukumo wa ukutani kuongezeka sana, na pembe inashuka hadi karibu digrii 55.

Mafundi makini huweka mguu robo ya kimo ambacho ngazi inafika ukutani, yaani tan θ = 4, karibu digrii 76. Kwa fundi wetu kileleni, kipimo hicho kinatosha mradi μ isishuke chini ya 0.23. Vumbi la plasta au maji kwenye vigae yanaweza kuishusha zaidi ya hapo. Ikiwa 0.2, hata kwa digrii 76 ngazi itateleza fundi akifika kwenye asilimia 86 ya urefu wake. Tena hesabu hii inamchukulia fundi aliyetulia tuli, si anayejinyoosha na kusukuma brashi.