Hisa kushuka bei sio nafasi ya usalama

Dhana inayosambaa kuliko zote: hisa ilikuwa 200 mwaka jana, saa hizi iko 100, basi nafasi ya usalama ni kubwa, tununue. Hapana jamani. Nafasi ya usalama ni pengo kati ya bei ya soko na thamani halisi uliyoikadiria wewe, kwa kuangalia biashara inaingiza pesa kiasi gani na inadaiwa kiasi gani. Bei ya mwaka jana haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Unachukua thamani, unatoa bei, unagawanya kwa thamani, basi. Kama thamani ni 80, hisa ya 100 bado ni ghali hata kama imeporomoka nusu, na kuna hisa imepanda mwaka mzima lakini pengo bado lipo kwa sababu biashara yenyewe imekua haraka kuliko bei.

Dhana ya pili ndo inayoumiza watu makini, wale wanaopiga hesabu kweli: "nikipata 30% niko salama, kampuni yoyote ile." Hapa nitakaa kidogo.

Chukua kampuni mbili za mfano. Ya kwanza haina deni, umekadiria inathamani ya 400, soko linaiuza 280, kwaiyo pengo ni 30%. Ya pili biashara yake umeikadiria 1,000 ila inadaiwa 600, wenye hisa wanabaki na 400, na soko linaziuza hisa zote kwa 280. Pengo 30% vilevile, ukiziweka kwenye jedwali huoni tofauti.

Sasa tuseme ulikosea kidogo tu. Umethaminisha kwa ile njia rahisi, pesa itakayoingia mwakani gawanya kwa asilimia ya faida unayotaka kupata kila mwaka ukitoa asilimia ya ukuaji wa hiyo pesa, ukaweka 12% na ukuaji 4%, yaani unagawanya kwa 8%. Kumbe ukuaji ni 3%, unatakiwa ugawanye kwa 9%, na thamani ya biashara inashuka kama 11% hivi. Nani anaweza kuapa kwamba kampuni itakua 4% na sio 3%? Hayupo.

Kampuni ya kwanza inatoka 400 inakuja kama 356, bei 280, bado una pengo la 21% na unalala vizuri. Ya pili biashara inatoka 1,000 inakuja 890 lakini deni halisogei, liko palepale 600, wenye hisa wanabaki na 290 tu. Ulinunua 280. Ile 30% imebaki kama 3%, kwa kosa lilelile moja! Ukikosea pointi mbili badala ya moja, ugawanye kwa 10%, biashara ni 800, wenye hisa wana 200, na wewe umelipa 280.

Kwaiyo asilimia ya pengo peke yake haikuambii kitu mpaka ujue makadirio yako yanaweza kukosea kwa kiasi gani na deni litalikuza kosa hilo mara ngapi. Rudia hesabu kwa ukuaji mdogo zaidi, kisha angalia kama bei bado iko chini ya thamani. Ikishindwa hapo, hukuwa na nafasi yoyote. Benjamin Graham aliyeifundisha hii kanuni, alipotafuta hisa za bei ya chini kabisa alichukua pesa taslimu, bidhaa ghalani na pesa inayodaiwa wateja, akatoa madeni YOTE kwanza, halafu ndo akataka bei isizidi theluthi mbili ya kilichobaki.

Halafu kuna wanaoamini ukinunua na pengo kubwa bei haitashuka tena. Inashuka sana tu. Mwekezaji wa Marekani Warren Buffett alinunua hisa za kampuni ya magazeti ya Washington Post mwaka 1973 wakati soko linaithamini kampuni nzima kama dola milioni 100 na yeye anaona inafika milioni 400 au zaidi. Alilipa dola milioni 10.6, na mwisho wa 1974 hisa zake zilikuwa zinauzwa milioni 8, hasara ya karibu robo kwenye karatasi. Pengo halikupungua hapo, liliongezeka, kwa sababu magazeti na vituo vya televisheni vya kampuni viliendelea kuingiza pesa.

Ndo maana bei ikishuka baada ya kununua, fungua hesabu mpya za kampuni kabla ya kuongeza hisa nyingine. Angalia pesa inayoingia na deni, kadiria upya kana kwamba huna hata hisa moja. Kama pesa imepungua na deni limepanda, thamani yako ya zamani imeshakufa, na ule "unafuu" unaouona unaupima dhidi ya namba ambayo haipo tena.