Bibi hahitaji kelele: salamu ya sauti ya asubuhi ya Idi

Kila Idi ikipita napata wageni walewale. Mjukuu anamleta bibi yake nimpime masikio, na bibi hajakaa vizuri kitini mjukuu keshaanza: "Nilimtumia salamu ya sauti asubuhi ya Idi, nikapaza sauti mpaka majirani wakasikia, yeye kaambulia jina langu tu." Ananipa simu nisikilize. Kweli, majirani lazima walisikia.

Dhana: asiyesikia vizuri apigiwe kelele

Hii nimeisikia mpaka nimechoka, kwa hiyo nitakaa nayo.

Usikivu wa uzeeni haupungui kama redio iliyoteremshwa sauti. Kinachotangulia kupotea ni sauti nyembamba, zile nzito hubaki. Katika maneno yetu irabu ndizo zenye nguvu. S, f, t na sh ni pumzi nyembamba tu, lakini ndizo zinazotenganisha neno na neno. Ukipiga kelele unakuza a, i na o, ambazo bibi alikuwa anazisikia tangu mwanzo, na ile s inazidi kufunikwa. Kipaza sauti cha simu nacho kikizidiwa, sauti inapasuka, na hata kilichokuwa kinasikika kinaharibika. Isitoshe, sikio la namna hii halivumilii kishindo: sauti ndogo halipati, ukiipandisha kidogo linaumia. Bibi anaondoa simu sikioni, anauliza waliopo, "Huyu kakasirika nini leo?"

Bibi mmoja wa hapa Tanga aliambiwa na mjukuu wake wa Dar es Salaam kwamba angefika saa tisa. Akasikia saa sita. Yatazame maneno hayo: irabu ni zilezile, i na a, na konsonanti ni zilezile, zimebadilishana nafasi tu. Pilau ikaiva saa sita, ikapoa, watu wakazuiwa kula wakimngoja mgeni. Alipokuja kwangu nilifunika mdomo nikamtajia "sita" na "tisa" kwa sauti ya kawaida, akawa anabahatisha. Nikapaza sauti, bado anabahatisha. Niliposema "saa tisa, karibu na Alasiri" akapata mara moja. Sauti yangu haikupanda. Neno lilipata mwenzake wa kulishika mkono.

Basi rekodi hivi. Toka jikoni kwenye sufuria, ingia chumba chenye godoro na mapazia, ngoja takbira za msikiti wa jirani zitulie. Simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, na sauti iwe ya kuongea na mtu mliyekaa naye mkeka mmoja.

"Shikamoo bibi." Nyamaza hapo, kiasi cha yeye kuitikia marahaba, maana ataitikia. "Ni mimi Salimu, Salimu wa Zuhura." Nyamaza. "Idi mubarak, bibi." Nyamaza. "Leo nakuja kukuona. Nakuja saa tisa, karibu na Alasiri." Nyamaza. "Nakuletea tende na halua."

Imetosha. Kabla ya kutuma, funika spika ya simu yako kwa khanga iliyokunjwa mara nne, usikilize. Khanga inameza zile sauti nyembamba. Si kipimo cha hospitali, lakini neno likikupotea wewe hapo, bibi hana lake. Libadilishe, au lipe mwenzake.

Dhana: polepole ni kuvuta maneno

"Shiiikaaamooo biiibiii" si polepole, ni kuimba. Ukivuta unavuta irabu tu, na neno linapoteza umbo alilolizoea miaka sabini. Sema neno kwa mwendo wake, polepole iwe kwenye vituo. Huo mtindo wa kumsemesha mtu mzima kama mtoto mchanga, kusema kweli, unaniudhi hata nikiusikia barabarani.

Dhana: kaswida chini ya sauti inanogesha

Inamnogea mwenye masikio mazima. Kwa bibi, sauti mbili kwa pamoja ni vurugu. Itume kaswida peke yake, baadaye.

Dhana: mwenye shimesikio aweke simu tundu la sikio

Shimesikio ni kile kifaa kidogo cha kukuza sauti anachovaa asiyesikia vizuri. Kama lake ni la kukaa nyuma ya sikio, kipaza sauti chake kiko huko juu, nyuma. Spika ya simu isogezwe hapo. Simu ikikandamizwa sikioni shimesikio linapiga mluzi, bibi analivua, na salamu inaishia droo ya kabati.

Dhana: kama hakuelewa, ni masikio

Mara nyingi ni masikio, au nta iliyoziba, ambayo huwa naitoa siku hiyohiyo. Lakini mwaka jana mjukuu mmoja aliapa kwamba alifuata yote niliyomwelekeza. Nikaomba simu ya bibi. Mtoto wa pale nyumbani huwa anaitumia kusikilizia jumbe zake, na kitufe cha kasi alikiacha kwenye 2x. Nikakirudisha 1x, nikabonyeza. Bibi akainua uso, akaijibu simu: "Marahaba mwanangu."