Je, wajua barua zako hukaa wapi profaili ya Outlook ikiharibika?

"Mimi na mwenzangu wa dawati la jirani tumetengeneza profaili mpya ya Outlook. Kwangu barua zote zimerudi zenyewe, kwake kikasha ni kitupu. Kwa nini?"

Kwa sababu profaili haibebi barua. Ni maelezo tu yaliyomo kwenye rejista ya Windows, yanayoiambia Outlook ya zamani akaunti ni ipi, seva ni ipi na faili la barua liko wapi. (Outlook mpya haina profaili za namna hii.) Yakiharibika, programu huweza kukwama kwenye Loading Profile huku barua zikiwa salama. Akaunti yako bila shaka ni ya Exchange au IMAP: barua ziko kwenye seva, na faili la .ost, yaani nakala yake kwenye kompyuta, hujengwa upya. Mwenzako anatumia POP, hivyo barua zake zimeshushwa kwenye faili la .pst, mara nyingi katika folda ya Outlook Files ndani ya Documents. Bado zipo palepale, ila profaili mpya haijaelekezwa kwazo.

Kabla ya yote, hakikisha profaili ndiyo mgonjwa. Bonyeza Windows na R, kisha uandike:

```
outlook.exe /safe
```

Ikifunguka vizuri, mkosaji huenda ni programu-jalizi, na profaili mpya haitasaidia. Ikikwama vilevile, fungua Mail kwenye Control Panel, bofya Show Profiles, kisha Add, uipe jina jipya. Ya zamani usiifute kwanza.

Mwenzako achague kuweka akaunti kwa mkono, na kabla ya kubofya Next atafute Deliver new messages to upande wa kulia. Hapo achague Existing Outlook Data File na kuonyesha .pst yake ya zamani. Watu wengi hupapita, Outlook ikatengeneza faili jipya lisilo na kitu. Ikiwa barua zimeachwa pia kwenye seva, huweza kushuka tena na kujirudia.

Nywila itaandikwa upya, kwa kila akaunti. Kwa POP yataandikwa pia majina ya seva na namba za milango, kwa kawaida 995 ya kupokea na 587 ya kutuma. Barua zikiingia lakini hazitoki, angalia Outgoing Server ndani ya More Settings. Alama ya uthibitisho wa kutuma ndiyo husahaulika. Sahihi hazipotei, maana ni mafaili ya pembeni, ila utachagua upya ipi itumike. Faili za kumbukumbu na visanduku vya pamoja ulivyoongeza kwa mkono utaviunganisha tena.

Wewe wa IMAP una hatari moja. Anwani na kalenda zenye maneno This computer only haziko kwenye seva, zimo ndani ya .ost ya zamani. Profaili ya zamani ikifunguka hata kwa /safe, zihamishe kwenye .pst kabla hujaifuta kwa Remove.