Mpangilio wa ukaaji darasani: nani anaongea na nani

Mpangilio wa ukaaji ni namna madawati yalivyopangwa darasani, na kwa hiyo nani anamtazama nani. Wanafunzi huzungumza zaidi na mtu wanayemwona usoni. Mwalimu akisema "jadilianeni" huku darasa zima limekaa kwa mistari, kila mtoto anaona kisogo cha mwenzake, na mjadala unaishia kwa jirani wa dawati.

Mistari si mibaya. Kwa mtihani, kunakili kutoka ubaoni au zoezi la mtu mmoja mmoja, hakuna mpangilio unaoishinda. Kasoro yake iliandikwa tangu 1970 na watafiti Adams na Biddle: maswali na majibu mengi hutoka kwa walio mbele na katikati. Wa pembeni nyuma wanaweza kumaliza kipindi bila kufungua mdomo.

Sasa chukua darasa la watoto 45 na madawati 15 ya watu watatu, benchi likiwa limeshikana na meza: safu tatu, kila safu madawati matano. Huna haja ya kuburuta chochote. Waambie wa dawati la kwanza wavushe miguu juu ya benchi na kugeukia dawati la pili. Wa tatu wageukie la nne. Papo hapo una makundi sita ya watu sita, na madawati matatu ya nyuma yanabaki makundi ya watatu, ambayo kusema kweli hufanya kazi vizuri kuliko yale ya sita. Toa maelekezo kabla hawajageuka, kwa sababu waliogeuka wameupa ubao mgongo. Na meza sasa ni moja kwa watu sita, kwa hiyo wape karatasi moja ya manila, si madaftari sita.

Katika kundi la sita, wawili wa katikati wanaotazamana ndio hushika mazungumzo, na wa ncha za benchi husinzia. Mpe wa ncha kalamu awe katibu, au wabadilishane nafasi katikati ya kazi. Ukipita ukakuta kila mmoja ameinamia daftari lake, hilo ni kundi kwa ukaaji tu.

Nusu duara, au umbo la U, inafaa mjadala wa darasa zima, kwa kuwa kila mtu anamwona msemaji. Utafiti uliofanywa Ujerumani na kutolewa 1999 ulikuta watoto wa darasa la nne wakiuliza maswali mengi zaidi wakikaa hivyo kuliko kwa mistari. Lakini inakula nafasi: katikati hubaki wazi. Kwa watoto 45 ndani ya chumba cha kawaida haiingii, labda uwatoe nje chini ya mwembe.