Mti Unapoelemea Upande Mmoja: Kazi ya Mzunguko Katika Utafutaji

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika programu ya kutunza namba za usajili. Alipoijaribu kwa namba za kubahatisha, ilijibu papo hapo. Alipoingiza orodha halisi, iliyokwisha kupangwa kutoka namba ndogo hadi kubwa, ikaanza kusuasua.

Alikuwa ametumia mti wa utafutaji wa jozi. Kila nodi hubeba namba moja. Namba zilizo ndogo kuliko hiyo hukaa kushotoni kwake, kubwa hukaa kulia. Anayetafuta huanzia kwenye mzizi na kushuka ngazi moja kwa kila ulinganisho. Lakini orodha iliyopangwa ina balaa lake: kila namba mpya ni kubwa kuliko zote zilizotangulia, kwa hiyo inaning'inia kulia kwa ya mwisho. Mti unageuka mnyororo, na kuitafuta namba ya mwisho kati ya milioni moja kunadai ulinganisho milioni moja.

Dawa ya kwanza ilitolewa mwaka 1962 na Wasovieti wawili, Georgy Adelson-Velsky na Evgenii Landis. Herufi za majina yao ndizo zilizoupa mti wao jina, AVL. Sharti lao ni moja: katika kila nodi, kimo cha upande wa kushoto na cha kulia visipishane kwa zaidi ya ngazi 1. Sharti likivunjika, mti unazungushwa.

Tuingize 10, 20, kisha 30. Nodi ya 10 haina kitu kushoto, na kulia ina ngazi 2. Tunazungusha kushoto: 20 inapanda kuwa mzizi, 10 inashuka kushoto kwake, 30 inabaki kulia. Tukiongeza 40 na 50, nodi ya 30 nayo inaelemewa. Inazungushwa vivyo hivyo, na 40 inapanda ikiwa na 30 na 50 chini yake. Mzizi bado ni 20.

```python
def zungusha_kushoto(x):
    y = x.kulia
    x.kulia = y.kushoto
    y.kushoto = x
    sasisha_kimo(x)
    sasisha_kimo(y)
    return y
```

Mstari wa tatu ndio roho ya jambo. Namba zilizokuwa kushoto kwa `y` ni kubwa kuliko `x` na ndogo kuliko `y`, kwa hiyo zinahamia kulia kwa `x` bila kuvuruga mpangilio. Ni viungo vichache tu vinavyobadilishwa, hata mti uwe na namba milioni.

Sasa ingiza 25. Inashuka kulia kwa 20, kushoto kwa 40, na kutua kushoto kwa 30. Mzizi 20 una ngazi 1 kushoto na 3 kulia. Hapa wengi hukosea: wanazungusha kushoto mara moja, 40 inakuwa mzizi, na sasa ni kushoto kwenye ngazi 3 na kulia ngazi 1. Uzito umehama upande tu. Kwa kuwa uzito umejificha ndani, upande wa kushoto wa 40, yafaa kwanza kuizungusha 40 kulia ili 30 ipande, ndipo 20 izungushwe kushoto. Mwishowe 30 ni mzizi, kushoto kuna 20 yenye 10 na 25, kulia kuna 40 yenye 50.

Kwa nini sharti hilo dogo linatosha? Chukua mti wa AVL wenye namba chache kabisa kwa kimo chake. Upande mmoja una ngazi 1 pungufu ya mti mzima, na mwingine ngazi 2 pungufu. Kila upande basi una angalau namba za mti mdogo kuliko wote wenye ngazi 2 pungufu. Maana yake, kila ukiongeza ngazi 2, idadi ya chini ya namba inazidi mara mbili. Idadi chache zaidi kwa ngazi 1 hadi 6 ni 1, 2, 4, 7, 12 na 20. Kwa kuwa idadi hujirudufu, kimo hukua kama logi: hakizidi takriban `1.44 * log2(n)`. Kwa namba milioni moja, mti uliojaa vizuri una ngazi 20, na wa AVL uliokaa vibaya kabisa una 28.

Kosa linalonasa wengi ni kusasisha kimo cha `y` kabla ya `x`. Ukisoma namba kwa mpangilio zote zitakuwa sawa, hivyo jaribio la kawaida halitalifichua. Andika jaribio linalohesabu upya kimo cha kila nodi kuanzia chini na kukilinganisha na kilichohifadhiwa. Lijaribu pia kwa kufuta: kuingiza namba humalizwa na marekebisho ya sehemu moja, lakini kufuta kunaweza kudai mizunguko katika kila ngazi hadi kwenye mzizi.