Methali siyo nahau, na siyo pambo

Mtu ana hotuba ya dakika kumi, kaambiwa ziwe tano, kitu cha kwanza anaambiwa ni "toa methali zote, hayo ni mapambo tu". Halafu anayemshauri anazungushia kalamu "walipiga moyo konde" na kuiita methali. Hapana jamani.

Methali ni sentensi kamili inayosimama yenyewe, nahau ni maneno yanayokaa ndani ya sentensi yako. Basi, hiyo inatosha. Ila angalia asili yake: methali imetoka kwenye Kiarabu mathal, yaani mfano, ukoo mmoja na mithili na tamthilia. Nahau nayo imetoka nahw, ambayo kwa Waarabu ni mambo ya sarufi. Kwa hiyo methali kwenye hotuba inatoa mfano, inabeba hoja, wakati nahau ni sehemu ya sentensi yenyewe. Ukifuta "walipiga moyo konde" kwenye "wazazi walipiga moyo konde wakaendelea kuchanga", umeng'oa kitenzi, inabidi uweke "walijikaza", umeokoa maneno mawili na sentensi imepoa.

Sasa urefu unatoka wapi? Ona hii: "Kama wahenga wetu walivyosema, haba na haba hujaza kibaba, wakiwa na maana kwamba vitu vidogo vidogo vikikusanywa huleta kitu kikubwa, hivyo basi kila mwanachama atoe mchango wake kila mwezi." Maneno 29, methali yenyewe ni 5 tu! Mzigo ni wahenga pamoja na ile tafsiri, kana kwamba wasikilizaji hawajui Kiswahili (sawa, kibaba chenyewe, robo ya pishi, wengi hawajawahi kukiona, lakini maana wanaipata). Fyeka hivyo, inabaki "Haba na haba hujaza kibaba, kila mwanachama atoe mchango wake kila mwezi." Maneno 12 na hoja ipo palepale.

Kujua kama methali ibaki, ifunike kwa kidole usome sentensi inayofuata. Kama inaning'inia, mfano "ndiyo maana tunaomba..." na hujui maana ya nini, basi methali ilikuwa inafanya kazi, iache. Kama hakuna kilichopungua, au kuna nyingine juu yake inayosema hilohilo, itoe bila huruma.

Barua rasmi ni kesi nyingine, maana pale swali ni nani anamwambia nani. Niliwahi kuona rasimu ya kuomba nyongeza ya mshahara imeandikwa "mcheza kwao hutuzwa", yaani bosi anakumbushwa wajibu wake na anayeomba. Hiyo ingetoka hata kama barua ingekuwa na mistari mitatu. Kwenye hotuba ya kumuaga mfanyakazi huyohuyo, akiisema bosi mwenyewe, inakaa vizuri kabisa.

Kwa hiyo ndugu mshauri, ukizungushia tena "piga moyo konde", andika pembeni "nahau", na kalamu nyekundu ipeleke kwa wahenga.